Doa la mawese lililobaki baada ya kufua mara moja: dalili, sababu na namna ya kulitoa

Doa la mawese ni vitu viwili vilivyoshikana. Kuna mafuta yenyewe, na kuna rangi. Rangi hiyo ni karotini, ile ile inayoipa karoti rangi yake, na haiyeyuki majini hata kidogo. Makao yake ni ndani ya mafuta. Ndiyo maana kitambaa kinaweza kufuliwa, kikasuuzwa, kikatoka na povu jeupe, na doa likabaki pale pale. Maji yalipita, mafuta hayakuondoka, na rangi ikabaki na mwenyeji wake.

Karibu kila tatizo linaloletwa baada ya kufua mara ya kwanza linatokana na kuifuata rangi kabla ya mafuta. Mtu anaona chungwa, anakimbilia jiki au jua. Mpangilio unaofanya kazi ni kinyume chake: toa mafuta mpaka yaishe, halafu ndiyo ushughulike na rangi iliyobaki, ambayo mara nyingi huwa kidogo tu.

Hali ya hewa ya Mombasa nayo ina mkono wake. Mawese huyeyuka kabisa kwenye joto la nyuzi 35 hivi, na maji ya bomba au ya tangi mjini huwa chini ya hapo, nyuzi 27 hadi 29 siku nyingi. Kwa joto hilo mawese huwa nusu maji, nusu chenga: ukiitazama chupa ya mawese kabatini utaona sehemu nyekundu inayotiririka juu na uji mzito wa manjano chini. Kitambaani hutokea vivyo hivyo. Ukifua kwa maji ya kawaida, sehemu inayotiririka hutoka kwa kiasi fulani na ile ya chenga hujikita katikati ya nyuzi. Kufua kwa maji ya baridi kunapunguza doa, hakulimalizi.

Vipimo vitatu kabla ya kugusa sabuni

Kwanza hakikisha ni mawese. Katika jiko la Pwani, doa la manjano au chungwa linaweza kuwa la bizari ya manjano, au la rangi ya biriani. Tia tone la maji yenye sabuni ya mche pembeni mwa doa. Manjano hugeuka wekundu wa kahawia papo hapo kwa sababu ya alkali iliyomo kwenye sabuni. Mawese hayabadiliki rangi. Ikiwa doa limegeuka, basi unashughulika na manjano, au mchuzi uliokuwa na vyote viwili. Sehemu ya mafuta itafuata njia iliyoelezwa hapa, na manjano yatamaliziwa na jua, ambalo huyafifisha upesi. Rangi ya biriani huyeyuka majini. Hiyo ni habari nyingine. Nyanya iliyopikwa ndani ya mawese haileti tofauti, kwa kuwa wekundu wake nao hukaa ndani ya mafuta.

Pili, pima kama mafuta bado yamo. Kitambaa kiwe kikavu kabisa. Dondosha tone moja la maji safi juu ya doa na jingine mahali pasipo na doa. Pamba safi hunywa tone ndani ya sekunde moja au mbili. Penye mafuta, tone hukaa juu kama ushanga, au huchukua muda mrefu kuzama. Kipimo hiki kidogo kitakuongoza mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo usikiruke. Jicho hudanganywa na rangi. Tone la maji halidanganywi.

Tatu, kumbuka kitambaa kilifuliwaje na kilikaushwaje. Maji yalikuwa ya kisima au matamu? Sabuni ya mche au ya unga? Kilianikwa juani, kilipigwa pasi, au kiliingia kwenye mashine ya kukausha? Joto kali na jua kali la muda mrefu hubadilisha mafuta yenyewe, na hapo tiba inakuwa ndefu zaidi.

Dalili ya kwanza: chungwa bado linaonekana wazi, na pakiguswa panateleza

Hii ndiyo hali inayopatikana zaidi, na ndiyo nyepesi kuitatua.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni maji ya baridi, kama ilivyoelezwa juu. Ya pili ni sabuni ya mche ndani ya maji ya chumvi. Nyumba nyingi za kisiwani, Likoni na Kisauni hutegemea visima, na maji hayo yana kalisi na magnesi. Sabuni ya mche ikikutana nayo, badala ya kutoa povu hugeuka utando mweupe au wa kijivu, na utando huo hulalia doa na kuyafungia mafuta chini yake. Kuna njia rahisi ya kujua: jaza chupa nusu kwa maji unayofulia, kata vipande vyembamba vya sabuni ya mche uvitie, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama na maji yakabaki angavu, maji ni laini. Ukiona maji yamekuwa kama maziwa, yana chengachenga na povu limekufa, basi sabuni ya mche haikufai kwa kazi hii. Tumia sabuni ya unga, au ununue mtungi mmoja wa maji matamu kwa ajili ya kitambaa hicho.

Sababu ya tatu ni sabuni kuwekwa juu ya kitambaa kilicholowa. Maji yakishatangulia kati ya nyuzi, sabuni hupunguzwa nguvu kabla haijayafikia mafuta. Ya nne, isiyo ya kawaida sana, ni kwamba kitambaa si pamba tupu. Vitambaa vingi vya jikoni vinavyouzwa vimechanganywa na poliesta, na poliesta hushikilia mafuta kuliko pamba. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa koleo juu ya sinki, uuwashe. Pamba huungua na harufu ya karatasi na kuacha jivu laini; poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Kikiwa cha mchanganyiko, hatua ni zile zile ila usitarajie weupe kamili.

Tuchukue kitambaa cha marekani nyeupe cha kufutia vyombo, upana wa sentimita 50 na urefu wa 70, chenye doa la ukubwa wa kiganja. Kilifuliwa jana kwa maji ya kisima na sabuni ya mche, kikaanikwa uani nusu siku. Tone la maji linakaa juu ya doa bila kuzama.

Kwa kuwa maji yalikuwa ya chumvi, anza kwa kuondoa utando wa sabuni. Changanya nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye lita nne za maji matamu, loweka kitambaa nusu saa, kisha kisuuze vizuri. Siki haitoi mafuta, na hilo lisikuchanganye. Kazi yake ni kuvunja ule utando ili sabuni ya awamu ya pili ipate njia. Kama ulitumia sabuni ya unga, ruka hatua hii.

Kianike kivulini mpaka kikauke kabisa. Watu hukosa subira hapa, na hasara yake huonekana baadaye.

Sasa weka matone matano au sita ya mafuta mepesi ya kupikia, ya alizeti kwa mfano, juu ya doa kavu. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini lina sababu. Sehemu ya chenga ya mawese haisogei kwa maji wala kwa sabuni ikiwa imeganda, bali huyeyuka ndani ya mafuta mengine yaliyo majimaji. Fikicha taratibu kwa kidole, acha robo saa. Utaona kingo za doa zinalainika na pengine chungwa linang'aa zaidi. Hiyo ni dalili njema. Usizidishe matone, kwani kila unachoongeza itabidi ukitoe.

Bila kutia maji, mwaga kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa. Geuza kitambaa, tia kijiko kingine upande wa nyuma. Sugua kwa mswaki laini wa meno, kwa kuzungusha kutoka nje kuelekea katikati ili doa lisipanuke. Acha dakika 20 hadi 30. Sabuni ikianza kukauka, ongeza sabuni, si maji.

Wakati inafanya kazi, tayarisha maji ya nyuzi 60. Huhitaji kipimajoto: changanya kiasi sawa cha maji yanayochemka na maji ya bomba. Kwa joto la maji ya Mombasa utapata nyuzi sitini na kitu, na beseni lenyewe litapunguza kidogo. Maji hayo yanaunguza mkono, kwa hiyo tumia mwiko au fimbo ya kukorogea. Lita nne zatosha kitambaa kimoja. Tia kijiko kimoja cha mezani cha magadi yaliyosagwa, yale yale ya kupikia maharagwe, na kijiko kimoja na nusu cha sabuni ya unga. Magadi hushusha kalisi iliyomo kwenye maji na kuisaidia sabuni kuinua mafuta. Koroga mpaka yayeyuke, acha takataka zitulie, kisha mimina yale ya juu yaliyo safi kwenye chombo cha kufulia.

Tia kitambaa pamoja na sabuni yake bila kukisuuza. Korogakoroga dakika tano, acha dakika 30, rudia kukoroga. Kitoe maji yakiwa bado ya moto. Maji yakipoa na kitambaa kimo ndani, mafuta yaliyokwisha kutoka huanza kurudi kwenye nyuzi.

Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu, halafu mara mbili kwa maji ya kawaida. Kianike kivulini, kikauke, rudia kipimo cha tone. Kwa doa la namna hii, la siku moja na lisilopigwa pasi, tone likizama upesi sawa na mahali pengine, mafuta yametoka. Kama bado linasita, rudia sabuni ya vyombo na maji ya moto mara nyingine, safari hii bila mafuta ya alizeti.

Onyo kuhusu chombo. Usichemshie magadi ndani ya sufuria ya alumini. Magadi huila alumini, sufuria huwa nyeusi na kitambaa kinaweza kutoka na ukijivu usioondoka. Tumia ndoo, sufuria ya chuma cha pua au bakuli la enameli lisilobanduka. Chombo cha plastiki huweza kunyonya rangi ya chungwa na kubaki nayo. Chukua ndoo usiyoijali.

Baada ya hapo, kama kuna manjano hafifu yaliyobaki, hiyo sasa ni rangi tupu, na jua linaitosha. Lowesha kitambaa kwa maji matamu, kitandaze upande wenye doa ukielekea jua, kiloweshe tena kila kinapokaribia kukauka. Miale ya jua huivunja karotini. Kwa jua la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, saa tatu au nne huonyesha tofauti. Miezi ya masika, mawingu yakitanda, inaweza kuchukua siku kadhaa, na hapo ni afadhali utumie poda ya oksijeni iliyoelezwa mbele.

Dalili ya pili: rangi imetoweka, kivuli kimebaki

Kitambaa kikiwa kikavu unaona sehemu iliyokoza kidogo au inayopitisha mwanga, kikilowa, haionekani. Ukikiinua dhidi ya dirisha doa linajitokeza wazi.

Sababu karibu kila mara ni jua lililotangulia. Kitambaa kilifuliwa kijuujuu, kikaanikwa, jua likala rangi na kuyaacha mafuta. Wengi huridhika hapa na kukikunja kabatini, na huu ndio mtego mbaya kuliko yote katika mambo ya mawese. Mafuta yaliyobaki huendelea kukutana na hewa, huchacha, na wiki chache baadaye kitambaa cheupe hutoka kabatini kikiwa na waa la manjano ya kahawia lililo gumu kutoa kuliko lile la chungwa la mwanzo.

Sababu nyingine, ya nadra, ni jiki kutumiwa kabla ya mafuta kutoka. Na ya nadra zaidi, utando wa sabuni bila mafuta yoyote. Huo huhisi mkavu na wenye unga, na tone la maji huzama.

Tumia kipimo cha tone kuamua. Likikaa juu, fuata hatua zote za dalili ya kwanza, ukianzia na siki kama maji yalikuwa ya chumvi. Kwa kuwa rangi haipo tena, huna cha kukuonyesha mpaka wa doa. Lizungushie uzi wa kushona wa rangi isiyochuja kabla ya kuloweka, ili ujue pa kusugua. Ukimaliza utaufumua.

Dalili ya tatu: lilitoka, kitambaa kikakauka, likarudi

Kikiwa kimelowa kilikuwa cheupe. Kimekauka, chungwa hafifu limejitokeza tena, mara nyingi penye pindo au kwenye mistari minene ya ufumaji.

Kinachotokea ni kwamba mafuta yaliyojificha katikati ya uzi hufuata maji yanapokauka, nayo maji hukaukia juu. Mafuta hupanda pamoja nayo na kukusanyika usoni. Pindo ni mbaya zaidi kwa sababu kitambaa kimekunjwa mara tatu na kushonwa, sabuni haifiki ndani.

Kabla ya kufanya lolote, hakikisha haikuwa makosa ya kusuuza: kama povu lilikuwa bado linatoka kwenye maji ya mwisho, suuza tena uone. Ikiwa si hilo, rudia sabuni ya vyombo kwenye kitambaa kikavu, ila ongeza muda uwe saa moja, na safari hii lisukume doa kutoka nyuma. Laza kitambaa kifudifudi, doa likitazama chini, juu ya taulo kuukuu iliyokunjwa. Mimina maji ya moto yenye sabuni upande wa nyuma kidogo kidogo ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Mafuta huhamia kwenye taulo. Badilisha sehemu ya taulo kila inapopata rangi.

Pindo likikaidi, na kitambaa kina thamani kwako, fumua sentimita chache za mshono, lifungue, lifue likiwa wazi, ulishone tena. Ni kazi ya robo saa, na hupita kufua mara tano bila mafanikio.

Dalili ya nne: doa limepungua lakini kitambaa kizima kimepata rangi

Mafuta yalitoka kwenye doa, yakaelea, yakakirudia kitambaa chote. Kwa kawaida maji yalikuwa machache, au sabuni ilikwisha nguvu, au kitambaa kiliachwa kwenye maji ya moto usiku kucha mpaka yakapoa. Kwa wenye mashine, sababu nyingine ni kukijaza pamoja na nguo nyingi.

Habari njema ni kwamba mafuta yaliyosambaa hivi yamekaa juujuu. Fua mara moja kwa maji mengi ya nyuzi 60, lita nane kwa kitambaa kimoja, vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya unga, dakika 20 tu, na ukitoe yakiwa moto. Usiongeze mafuta ya alizeti hapa. Baada ya hapo rudi kwenye doa lenyewe.

Ikiwa ilikuwa mashine, iendeshe tupu kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kutia nguo nyingine, na uupanguse mpira wa mlangoni. Mafuta hukaa kwenye mikunjo ya mpira huo na kujitokeza kwenye shati la mtu juma linalofuata.

Dalili ya tano: waa la manjano ya kahawia, gumu kidogo, lenye harufu

Hapa kitambaa kilipigwa pasi, kilikaushwa kwa mashine, au kilikaa kabatini muda mrefu na mafuta yake. Mafuta yameungana na oksijeni na kuanza kushikamana na pamba. Chungwa la karotini huenda limekwisha kitambo. Unachokiona ni mafuta yaliyozeeka.

Mafuta ya alizeti bado yanafaa kujaribiwa, lakini yape saa mbili. Kisha sabuni ya vyombo saa moja, kisha maji ya nyuzi 60 yenye vijiko viwili vya mezani vya magadi kwa lita nne, na loweka saa mbili ukibadilisha maji yanapopoa. Suuza. Halafu poda ya kutolea madoa yenye oksijeni, ile isiyo na klorini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, katika maji ya nyuzi 40 hadi 60, saa nne hadi sita. Poda hii hutoa hewa inapofanya kazi, kwa hiyo usiifungie ndani ya chupa au ndoo yenye kifuniko kinachobana, inaweza kupasuka.

Ikiwa mzunguko wote huu umeufanya mara mbili na waa halijabadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili, simama. Halitabadilika mara ya tatu. Pamba itakuwa imechoka zaidi kuliko waa.

Harufu ikibaki na waa limetoka, mafuta bado yamo mahali fulani. Rudia kipimo cha tone kitambaa kizima, hasa mapindoni.

Kitambaa cha rangi au kipande cha leso

Leso kuukuu hugeuzwa kishikio cha sufuria katika nyumba nyingi, na hizo zinahitaji uangalifu wake. Kabla ya lolote, lowesha pembe moja kwa maji ya moto yenye magadi, ikandamize kwenye kitambaa cheupe dakika mbili. Rangi ikihamia, acha magadi na ushushe joto la maji hadi uvuguvugu wa kuvumilika na mkono. Huo bado unazidi nyuzi 35, mawese yatayeyuka. Sabuni ya vyombo kwenye kitambaa kikavu ndiyo itakayobeba kazi yote, kwa hiyo irudie mara mbili au tatu. Jua utakalolitumia kuondoa chungwa litaondoa na wekundu wa leso, basi anika kivulini na ukubali kivuli hafifu.

Kuhusu jiki, limau na mafuta ya taa

Jiki haitoi mafuta. Inaweza kufifisha rangi kwenye pamba nyeupe, lakini ikitangulia inaleta ile dalili ya pili, na ikirudiwarudiwa huilegeza pamba mpaka inachanika ukiikamua. Kama lazima itumike, iwe ya mwisho, kwenye kitambaa cheupe ambacho tone la maji linazama, kwa maji ya baridi na kwa kipimo cha kwenye chupa, bila kupitisha muda ulioandikwa.

Kamwe usiichanganye na siki, limau wala dawa ya kusafishia choo: hutoka hewa ya klorini inayochoma mapafu. Kwa kuwa hatua ya kwanza hapa inatumia siki, suuza kitambaa mara tatu na ukifue kwa sabuni kabla ya kufikiria jiki. Ukisikia harufu kali na macho yakawasha, toka nje, acha milango wazi, usirudi kumwaga ndoo mpaka hewa itulie. Kikohozi au kifua kubana kukiendelea, nenda hospitali bila kusubiri kesho.

Mafuta ya taa na petroli huyeyusha mawese, ni kweli, na ndiyo maana ushauri huo unazunguka. Lakini kitambaa hiki kitarudi karibu na jiko. Mvuke wa mafuta hayo unashika moto, harufu haitoki kwenye pamba, na kitambaa cha kufutia sahani hakifai tena. Usitumie.

Unga wa mahindi na poda ya mtoto hunyonya mafuta mabichi yaliyomwagika sasa hivi. Baada ya kufua havina kazi.

Moto

Vitambaa vya pamba vyenye mabaki ya mafuta ya mimea vikitoka kwenye mashine ya kukausha na kurundikwa vikiwa moto vinaweza kuendelea kujipasha joto vyenyewe ndani ya rundo mpaka vikawaka. Mawese si mabaya kama mafuta mengine katika jambo hili, lakini katika jiko la hoteli au la upishi wa harusi, vitambaa huchanganyika na mafuta ya kila aina. Kitambaa ambacho hakijapita kipimo cha tone kikaushwe kwenye kamba, si kwenye mashine. Vilivyotoka kwenye mashine vitandazwe vipoe kabla ya kukunjwa. Ukikuta rundo lina joto lisiloelezeka au harufu ya kuungua, usilichangue kwa mikono ndani ya nyumba; ita kikosi cha zimamoto.

Wakati wa kumpelekea dobi

Kwa kitambaa cha kawaida cha marekani, gharama ya kusafishwa kwa dawa bila maji mara nyingi inazidi bei ya kitambaa kipya, na ni vyema kusema hivyo waziwazi. Lakini kama ni kitambaa chenye darizi za mkono, au seti ya wageni, au ni vitambaa vingi vya biashara, mpeleke dobi mwenye mashine ya draiklini katika hali hizi: rangi ya darizi inachuja kwenye kipimo cha pembe, nyuzi zinakatika ukizivuta kidogo, doa lilipigwa pasi, au umefanya mzunguko kamili mara mbili bila mabadiliko. Dawa zao huyayeyusha mafuta moja kwa moja, bila kutegemea maji wala sabuni.

Kipeleke kikavu, bila jiki ndani yake. Mwambie ni mawese, si mafuta ya kupikia tu, na umtajie kila ulichokwisha kutia: siki, magadi, alizeti, poda ya oksijeni. Mwonyeshe doa kwa kulizungushia uzi, hasa kama rangi imeshafifia, kwa sababu asipoliona atakisafisha kitambaa kizima kijuujuu na kukurudishia mafuta yako.